Divinity, XCOM au Baldur's Gate: hatua za mpiganaji wako zinakugharimu nini?

Mtu akitaka kuanza gemu za uigizaji wahusika zenye mapigano ya zamu, kwa kawaida huulizia hadithi, ubora wa picha na ugumu. Hayo yana uzito wake, lakini saa nyingi mbele ya skrini utazimaliza ukifanya jambo moja tu: kuamua mhusika wako asimame wapi na afanye nini kabla zamu haijapita. Kila gemu ina namna yake ya kukutoza kwa uamuzi huo. Namna hiyo ikikukera, hadithi nzuri haitakufikisha mbali.

Nimechukua tatu zinazowakilisha njia tatu tofauti. Divinity: Original Sin II ya mwaka 2017 imetengenezwa na Larian, studio ya Ghent, Ubelgiji. XCOM 2 ya 2016 ni ya Firaxis, Marekani. Baldur's Gate 3 ya 2023 ni ya Larian tena, na hilo linatusaidia sana: watengenezaji ni walewale, kanuni za zamu ni nyingine kabisa, kwa hiyo tofauti unayoihisi kati ya hizo mbili kwa sehemu kubwa inatoka kwenye kanuni zenyewe. Kuna watakaosema XCOM 2 si gemu ya uigizaji wahusika. Askari wake wanapanda vyeo, wanajifunza ujuzi na wakifa hawarudi, nami naona hiyo inatosha kuiingiza humu.

Nitazipima kwa maswali manne. Kutembea kunakunyima nini? Kisichotumika zamu hii kinakwenda wapi? Unaweza kujua mapema adui atafika wapi? Na ukikosea, unalipa kiasi gani?

Zamu ilivyogawanywa

Katika Divinity, kila mhusika wa kawaida anapata pointi 4 za vitendo kila zamu, na hawezi kushikilia zaidi ya 6. Kila kitu kinalipiwa humo. Pigo la kawaida la silaha ni pointi 2, ujuzi mwingi ni kati ya 1 na 3, na kutembea nako kunalipiwa: mhusika asiye na nyongeza anapata karibu mita 5 kwa pointi moja. Ni kama nauli na chakula cha mchana kutoka mfuko mmoja. Ukienda mbali, unashinda njaa.

XCOM 2 imefuta hesabu hiyo. Askari ana vitendo viwili, basi. Ukimwonyesha pa kwenda, skrini inachora mpaka wa bluu na mpaka wa njano. Ndani ya bluu anatumia kitendo kimoja na anabaki na kingine. Akienda hadi njano amekimbia na zamu yake imekwisha. Kufyatua risasi kunafunga zamu hata kama ni kitendo cha kwanza, isipokuwa ujuzi fulani useme vinginevyo, ilhali kujaza risasi kunachukua kitendo kimoja bila kuifunga. Gemu ya kwanza kabisa ya ukoo huu, ya mwaka 1994, ilikuwa na mfuko wa muda uliotoza hadi kugeuza shingo. Firaxis walipoifufua mwaka 2012 wakaleta vitendo viwili, na tangu hapo mtindo huo umeigwa mno.

Baldur's Gate 3 inafuata kanuni za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, toleo la tano. Mwendo una mfuko wake: mita 9 kwa wahusika wengi, pungufu kidogo kwa jamii za wafupi. Kando yake kuna kitendo kimoja, na kando ya hicho kuna kitendo cha ziada, kidogo zaidi, kinachotumika kunywa dawa, kuruka, kumsukuma mtu au kupiga kwa silaha ya mkono wa pili. Mwendo unaweza kuukatakata: mita 4 mbele, pigo, kisha mita 5 kurudi nyuma.

Kutembea kunakunyima nini

Tuchukue hali moja tuipitishe kwote. Una mpiganaji wa upanga. Adui, naye wa upanga, yuko mita 12 mbele yako kwenye uwanja wazi. Zamu ni yako.

Ndani ya Divinity, mita 12 ni pointi 3. Umefika, umebaki na 1, na pigo linataka 2. Kwa hiyo umesimama mbele ya adui mwenye pointi zake zote, na umemlipia nauli yeye. Wengi hupoteza mapambano ya mwanzo hivi hivi, wakidhani tatizo ni silaha dhaifu.

Kuna njia tatu za kutoka hapo, na zote zinafundisha jinsi gemu hii inavyofikiri. Ya kwanza ni kuruka badala ya kutembea. Ujuzi kama Phoenix Dive unagharimu pointi 1 tu na unavuka umbali huo wote. Unapiga kwa 2, na inabaki 1. Ya pili ni kipaji kinachoitwa The Pawn, kinachokupa mwendo wa bure wa thamani ya pointi 1 kila zamu: mita 12 sasa zinakugharimu 2, na 2 zilizobaki ni pigo. Ya tatu ni kutokwenda kabisa. Tumia pointi 2 kujikinga au kumwimarisha mwenzako, ziache 2. Adui akiwa na pointi 4 kama wewe, anatembea kwa 3 na kufika mikono mitupu. Zamu yako ikirudi una pointi 6, yaani mapigo matatu mfululizo. Mchezaji mzoefu wa Divinity anatumia muda mwingi akiwalazimisha wengine watembee.

Baldur's Gate 3 inalitazama swali hilohilo kwa jicho jingine. Upanga unafika mita 1 na nusu, kwa hiyo unahitaji kusogea kama mita 10 na nusu, nawe una 9. Kitendo cha Dash kinakuongezea mwendo wa zamu nzima nyingine, lakini kinameza kitendo chako. Utafika bila pigo. Watu wengi huishia hapo na kubonyeza. Lakini kuruka kunatumia kitendo cha ziada pamoja na mita 3 za mwendo, na mpiganaji mwenye nguvu anavuka zaidi ya hizo mita 3 anazolipa. Ukichukua mruko wa mita 5, unatembea 6, unaruka 5, jumla 11. Umefika na kitendo chako kikuu kiko salama. Na kama kitendo cha ziada umekipangia dawa, badilisha silaha, ushike upinde unaofika mita 18. Kubadilisha huko hakutozwi.

Kwa hiyo ndani ya Baldur's Gate 3 kutembea kwenyewe ni bure, mpaka mipaka ikubane. Inakubana pale ardhi inapokuwa mbovu, kwa sababu hatua hapo hugharimu maradufu, au mhusika wako anapoangushwa, kwa sababu kuinuka kunakula nusu ya mwendo. Inakubana zaidi ukishakabiliana na adui ana kwa ana: ukiondoka karibu naye, anapata pigo la bure. Divinity nayo ina pigo la namna hiyo, ila ni kwa wenye kipaji cha Opportunist tu, ndiyo maana huko unaona watu wakizunguka migongo ya maadui bila wasiwasi.

XCOM 2 haikusumbui sana na swali la kufika. Askari wa aina ya Ranger, mwenye bunduki ya karibu na panga, anaweza kukimbia hadi mpaka wa njano na bado akafyeka mwishoni, kwa sababu ujuzi wake wa Slash unahesabu mwendo na pigo pamoja. Wengine wanasogea ndani ya bluu na kufyatua. Mdunguaji peke yake ndiye mwenye nauli kali: bunduki yake kubwa inataka vitendo vyote viwili, kwa hiyo akisogea hata mraba mmoja anabaki na bastola. Gharama halisi ya kutembea katika XCOM 2 ni kile ambacho hujakiona bado, nitaifikia hapo chini.

Kinachobaki

Hapa tofauti ni rahisi kueleza, na ndiyo inayoamua hisia ya zamu.

Divinity inakuruhusu kuweka akiba, ila ndani ya kikomo cha 6. Maana yake ni kwamba akiba yenye faida ni pointi 2 tu. Ukimaliza zamu na pointi 4 mkononi, zamu ijayo utakuwa na 6, na mbili zimepotea hewani. Ukiona kila mara unaanza na 6, unacheza kwa woga kupita kiasi.

Baldur's Gate 3 haitunzi chochote. Mwendo, kitendo na kitendo cha ziada vinafutika zamu ikiisha. Kwa hiyo kila zamu unajikuta unatafuta matumizi ya kitendo cha ziada kabla hujabonyeza kumaliza, na mara nyingi kumsukuma adui kutoka ukingo wa mwamba ndilo jambo bora zaidi uliloweza kufanya tangu mwanzo. Wapo wanaoona uwindaji huu wa masalia unachosha. Mimi naupenda.

Katika XCOM 2 kitendo kilichobaki unakigeuza ulinzi. Overwatch inamweka askari tayari afyatue mara adui anaposogea mbele yake, kwa usahihi uliopungua. Hiyo ndiyo akiba pekee, na inaisha adui akiamua kutosogea.

Kujua adui atafika wapi

Baldur's Gate 3 ndiyo inayohesabika kwa urahisi zaidi. Adui wengi wenye umbo la binadamu nao wanatembea mita 9, na silaha ya mkono inafika mita 1 na nusu. Ukisimama mita 11 au 12 kutoka kwake, mwenye upanga hawezi kukupiga zamu hiyo isipokuwa aruke au atumie ujuzi maalumu. Akichagua Dash, amekuja bila pigo. Ukitaka uhakika, mchunguze kwa Examine usome takwimu zake kabla ya kuamua. Mstari wa njia unaochorwa chini ya kipanya nao unakuonya kama mwendo huo utakupatia pigo la bure mgongoni.

Divinity ni ngumu zaidi, na sababu ni mfuko mmoja. Adui mwenye pointi 4 anaweza kuzimaliza zote kwa kutembea, au kuruka kwa 1 na kubaki na 3 za kukuumiza. Masafa yake ya hatari hayana duara moja. Yanategemea ana ujuzi gani. Mpiga upinde anayeruka hadi kwenye paa ni hatari kuliko jitu lenye rungu lililo karibu yako, na huwezi kulijua hilo kwa kupima mita. Ndiyo maana mapambano mengi ya Divinity huchezwa mara mbili: mara ya kwanza kujifunza adui wana nini, mara ya pili kushinda.

XCOM 2 haikuonyeshi mwendo wa adui, lakini inakupa kitu kingine kizuri. Ukipeleka kipanya kwenye mraba kabla ya kusogea, alama inatokea kwa kila adui utakayemwona kutoka hapo. Kwa hiyo unajua kama utapata nafasi ya kufyatua kabla hujalipa kitendo. Pia, timu yako nzima inacheza kabla ya upande wa pili, na unaruhusiwa kuchanganya: kitendo kimoja cha askari wa kwanza, kisha wa tatu, kisha urudi kwa wa kwanza. Divinity haina hilo, kila mmoja ana nafasi yake kwenye foleni. Baldur's Gate 3 ina sehemu yake: wenzako wanaofuatana kwenye foleni wanaweza kuchezwa pamoja.

Kosa linagharimu kiasi gani

Nilisema nitarudi kwenye gharama ya XCOM 2. Maadui wake wamekaa kwa makundi, na kundi likigunduliwa linapata mwendo wa bure kwenda kujificha nyuma ya kinga, hata kama bado ni zamu yako. Sasa fikiria umecheza askari wote, amebaki Ranger. Unaona adui mmoja aliyejeruhiwa, unamkimbiza hadi njano, anafyeka, adui anakufa. Vizuri. Ila mraba aliosimama unafungua kona mpya, na nyuma yake kuna kundi la watatu. Wanakimbilia kinga zao, zamu yako inaisha kwa sababu hakuna aliyebaki na kitendo, na watatu hao wanaanza zamu yao na Ranger wako akiwa peke yake mbele. Mwendo uleule ukiufanya mwanzoni mwa zamu, wenzake wote wakiwa na vitendo viwili, ungekuwa na namna ya kujibu.

Kwa hiyo anayefungua ardhi mpya atangulie, aende kwa bluu, na mbio za njano zibaki kwenye ardhi ambayo tayari umeiona. Gemu inajua utataka kwenda polepole hivyo milele, ndiyo maana misheni nyingi zina idadi maalumu ya zamu. Hiyo saa ndiyo inayowafukuza wachezaji wengi, na ndiyo inayowafanya wengine wasiiache.

Kosa la Divinity linaonekana upesi zaidi. Ukianguka chini au kugandishwa, zamu nzima ya pointi 4 inapotea, na kikosi ni cha watu wanne. Dalili kwamba unakosea kwenye mwendo ni hii: wapiganaji wako wa karibu wanamaliza zamu ya kwanza bila kupiga mtu. Ikitokea mara kwa mara, acha kutafuta silaha mpya, tafuta ujuzi wa kuruka.

Baldur's Gate 3 inasamehe. Ukisimama pabaya, zamu ijayo una mita 9 mpya na kitendo kipya, na karibu kila kikosi kina dawa za kunywa kwa kitendo cha ziada. Kasoro yake iko kwingine: mapambano yenye maadui wengi yanaweza kukaa muda mrefu ukisubiri wote wapite, mmoja mmoja.

Ukiwa katika hali hii

Hujawahi kucheza mapigano ya zamu, na hesabu inakuchosha: XCOM 2 au Baldur's Gate 3. Bluu na njano vinaeleweka ndani ya dakika chache, na mwendo uliotengwa na pigo hauna mtego. Kati ya hizo mbili, angalia lugha: hakuna iliyo na Kiswahili, na Baldur's Gate 3 ina Kiingereza kingi cha kusoma na kusikiliza, ilhali XCOM 2 utaielewa hata ukiruka maandishi mengi.

Unapenda kupanga mnyororo, kitendo hiki kizae kile, na unafurahia kuokoa pointi moja kama mtu aliyeshinda: Divinity. Hizo nyingine mbili hazitakupa uhuru wa kupiga mara tatu leo kwa sababu jana ulijizuia.

Unacheza na rafiki: Divinity na Baldur's Gate 3 zinakubali mcheze hadithi nzima pamoja. Kama mwenzako ni mtu wa kufikiri sana kabla ya kubonyeza, Baldur's Gate 3 ni afadhali kidogo, kwa sababu foleni yenu ikifuatana mnacheza kwa wakati mmoja.

Una nusu saa jioni: XCOM 2. Misheni ina mwanzo na mwisho, na kesho unaanza nyingine.

Huvumilii kumpoteza mhusika uliyemlea: iepuke XCOM 2, au kubali kurudi kwenye hifadhi kila mara, jambo ambalo linaua msisimko wa ile saa ya zamu. Katika gemu za Larian mwenzako aliyekufa kwa kawaida anafufuliwa kwa karatasi ya uchawi.

Na kama intaneti yako ni ya bando: Baldur's Gate 3 inataka nafasi ya GB 150 kwenye kompyuta. Hizo nyingine mbili kwa pamoja ni ndogo kuliko hiyo.